Hijja ya 2028 haitangoja mavuno ya 2028

*Assalaam alaykum mzee wangu. Mimi ni mkulima wa hapa Kondoa, nina miaka 51, mke na watoto wanne, wawili bado wanasoma. Nimenuia kuhiji mwaka 2028. Taasisi ya kupeleka mahujaji niliyoiuliza imenitajia shilingi 16,000,000. Benki nina 5,400,000. Msimu huu wa 2026 nimevuna gunia 95 za alizeti na mnunuzi anatoa 55,000 kwa gunia. Nina mashine ya kusaga, ukitoa dizeli na fundi inaniachia kama 150,000 kwa mwezi, ila zinaliwa na mambo madogo madogo. Mifugo ni mbuzi 16, madume mawili ya ng'ombe, majike mawili na ndama dume mmoja. Hesabu yangu ni mavuno matatu, la 2026, la 2027 na la 2028, kila moja milioni tano na ushee. Nikijumlisha na nilizonazo napita milioni 20. Kaka yangu anasema nitaumbuka, bora niuze sasa ekari tatu za shamba la bondeni, kuna mtu anatoa 4,500,000. Nani kati yetu yuko sawa?*
*Mwenye nia, Kondoa*

Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Kaka yako ameona shimo lakini ameshika jembe lisilo lake. Nianze na shimo.

Kisimamo cha Arafa mwaka 2028 kinatarajiwa mwanzoni kabisa mwa Mei, tarehe 4 au siku moja huku au huku, kutegemea mwandamo. Sasa jiulize alizeti yako ya 2028 itakuwa wapi siku hiyo. Itakuwa shambani, vichwa vimeinama, ndege wanaila. Hata ukiwahi kuvuna, ukapiga na kupepeta, utakuwa unatafuta magunia wakati wenzako wanarejea na maji ya Zamzam.

Najua hesabu ya mavuno matatu umeitoa wapi, maana na mimi nililelewa nayo. Nilihiji mwaka 2012, na Arafa ilikuwa Oktoba 25. Nilivuna Juni, nikauza Julai, nikamalizia deni la taasisi Agosti, nikaondoka. Wazee wetu wengi waliokwenda miaka ile walikwenda hivyo hivyo, vuna, uza, nenda, na ndiyo ushauri wanaoutoa mpaka leo barazani. Lakini mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo Mfunguo Tatu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa jua. Toka Oktoba 2012 hadi Mei 2028 ni karibu miezi sita. Hijja imetoka upande wa baada ya mavuno, imepita katikati ya mavuno, na sasa imeingia upande wa kabla. Mwaka 2029 itakuwa Aprili, tarehe 23 au 24. Kwa mkulima wa mvua moja kama wewe, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika barua yako.

Na bado hiyo siku ya Arafa siyo tarehe yako. Tarehe yako ni siku taasisi inapofunga malipo, nayo iko miezi mingi nyuma. Siku hizi Saudia inataka mahema ya Mina, nyumba za Makka na Madina na usafiri wa ndani viwe vimekatiwa mikataba na kulipiwa mapema kupitia mfumo wao, kisha viza nazo zina siku yake ya mwisho, na siku hiyo ikipita hakuna wa kumpigia simu. Mwaka 2025 zaidi ya mahujaji 60,000 wa Pakistan waliokuwa waende kupitia makampuni binafsi walibaki nyumbani kwa sababu malipo na mikataba havikukamilika kwa wakati. Wengi wao walikuwa wameshatoa pesa zao. Kwa hiyo iulize taasisi yako swali moja tu, kwa maandishi: kwa Hijja ya mwaka fulani, siku ya mwisho ya kukamilisha fedha ni ipi? Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, chukua mwisho wa Novemba wa mwaka unaotangulia. Hapo hata ukikosea umekosea upande salama.

Ukiweka hivyo, 2028 ina mavuno mawili tu, hili lililo ghalani na la 2027.

Kosa la pili ni dogo kwa sura lakini limekula pesa nyingi zaidi. Milioni 5 na ushee unayoihesabu ni ya mnunuzi anapokukabidhi, siyo ya benki. Gunia 95 kwa 55,000 ni 5,225,000, sawa. Hukuniambia umelima ekari ngapi, nakadiria 15. Trekta, mbegu, palizi, vibarua wa kukata na kupiga, magunia na usafiri wa msimu ujao, siamini utapita chini ya 1,700,000. Ada, sare na kula ya nyumba inayotegemea alizeti nimeweka 1,000,000. Rekebisha kama nimekosea, wewe ndiye unayejua nyumba yako. Kinachobaki ni 2,500,000. Hiyo ndiyo mavuno yako kwa upande wa Hijja, nusu ya ulichoandika.

Kwa mavuno ya 2027 sikuruhusu utumie 55,000. Unakumbuka mwaka 2023, mafuta ya kula ya nje yalipojaa sokoni na bei ya alizeti ikaporomoka, watu wa Singida na huku kwetu wakawa wanaangalia magunia bila kujua wayafanye nini. Pesa yenye tarehe haihesabiwi kwa bei nzuri. Weka gunia 80 kwa 40,000. Inakuja 3,200,000. Toa msimu na nyumba, yaani zile 2,700,000, unabaki na laki tano. Ndiyo, laki tano. Najua inauma, lakini ni heri ikuume leo mwezi wa saba 2026 kuliko Novemba 2027.

Sasa tuhamie upande wa mahitaji. Bei ya 16,000,000 imetajwa kwa shilingi, ila chini yake kuna dola. Hoteli, mahema na mabasi ya kule yanalipwa kwa riyali, na riyali imefungwa kwenye dola kwa 3.75 tangu mwaka 1986. Tiketi ya ndege nayo hufuata dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,330, mwaka 2024 ikapita 2,700, baadaye ikashuka. Mtu aliyekuwa anadunduliza kwa bei ya 2023 alijikuta anakimbiza gari linaloondoka. Kwa hiyo juu ya bei ya taasisi ongeza 1,200,000 ya kujikinga. Isipohitajika, itarudi kwenye trekta. Lengo la kwanza basi ni 17,200,000, na tarehe yake ni mwisho wa Novemba.

Kuna lengo la pili ambalo watu hulichanganya na la kwanza, ndiyo maana wanazidiwa. Hili ni la vitu visivyomo kwenye bei ya taasisi, na uzuri wake ni kwamba linaweza kukamilika baadaye, hadi wiki za mwisho kabla ya safari. Pasipoti ni 150,000. Wengi wetu huhiji kwa Tamattu', yaani umra kwanza kisha hijja, na hapo kuna mnyama wa kuchinja. Uliza kama yumo kwenye bei. Kama hayumo, mwaka 2025 kupitia Adahi, mradi wa Saudia wa kuwachinjia mahujaji, ilikuwa riyali 720, kama laki tano za kwetu. Nauli ya kufika Dar na kurudi, chanjo ya homa ya uti wa mgongo (ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika, na cheti chake usikipoteze), pesa ya mfukoni ya siku zote za kule, na pesa utakayoiacha nyumbani. Hiyo ya nyumbani usiifanye ndogo. Utakuwa haupo wiki tano hivi, na ukirudi mavuno yamekaribia na vibarua wanataka chao. Vyote kwa pamoja naviona kama 2,400,000.

Tukipanga sasa kwa ajili ya 2028, hadi mwisho wa Novemba 2027 una hivi. Benki 5,400,000. Mavuno ya mwaka huu 2,500,000. Mavuno ya 2027 kwa bei mbaya 500,000. Mashine miezi 16 kuanzia Agosti hii, 2,400,000. Mbuzi kumi na madume mawili, 2,800,000, na nitaeleza kwa nini nimewathamini vizuri. Jumla 13,600,000. Zinapungua 3,600,000. Hata magunia na bei ya alizeti vikibaki kama sasa, bado zinapungua 1,600,000.

Hapo ndipo kaka yako anapoingia na ekari zake tatu. Nimeijaribu hesabu yake, na sitakuficha: inafika. 13,600,000 na 4,500,000 ni 18,100,000. Ndiyo maana wazo lake linavutia. Lakini angalia unachokinunua kwa lile bonde. Unanunua mwaka mmoja. Bila kuliuza, kama nitakavyoonyesha, unakwenda 2029. Mwaka mmoja kwa ekari tatu za bondeni, hapa kwetu ambako mvua ikisita Februari mahindi ya juu yanakauka na ya bondeni yanabeba! Hilo ndilo shamba linalolisha watoto wako mwaka wa njaa, halina uhusiano na alizeti. Mwenye kulinunua analijua hilo, ndiyo maana yuko tayari na pesa mkononi.

Jambo hili si la Kondoa peke yake. Kule Malaya mwaka 1959 mchumi Ungku Aziz aliandika kuhusu wanakijiji waliokuwa wakiuza mifugo na mashamba ili wahiji, wakirudi wanakuwa masikini katika kijiji chao wenyewe. Kutokana na pendekezo lake ukaanzishwa mwaka 1963 mfuko ambao leo unajulikana kama Tabung Haji, mtu anaweka kidogo kidogo mpaka atimize. Sisi hatuna mfuko wa namna hiyo wenye ukubwa ule, kwa hiyo wewe na mkeo itabidi muwe mfuko.

Kama unataka hukumu ya sheria kuhusu kuuza mali ya kuzalisha ili kuhiji, hilo mpelekee sheikh wako, maana mafakihi wamelijadili kwa urefu na hawakusema neno moja. Mimi nasema la hesabu: wajibu umewekwa kwa anayeweza kuiendea, na kwa daftari lako la leo uwezo huo bado unakuja.

Sogeza nia hadi Hijja ya 2029. Tarehe yako ya fedha inakuwa mwisho wa Novemba 2028, na mavuno ya 2028 sasa yanaingia kihalali, maana utayauza Julai. Ongeza kwenye zile 13,600,000 laki tano za mavuno hayo kwa bei mbaya, mashine miezi 12 ambayo ni 1,800,000, na mbuzi watakaozaliwa katikati, tuseme 600,000. Unafika 16,500,000 bila kuuza hata hatua moja ya ardhi, tena kwa kudhani alizeti itakuangusha miaka miwili mfululizo. Ikikuangusha mwaka mmoja tu, umevuka lengo la kwanza kwa zaidi ya milioni moja. Na kama itakuangusha yote miwili, yule ndama dume atakuwa amefikia mnada, ndiye wa kuziba. Nimemwacha nje ya hesabu makusudi.

Kuna kitu kimoja kitakachopunguza akiba hiyo nacho hakijadiliwi sana barazani. Pesa iliyokaa mwaka mzima wa mwezi na imefika nisabu inatolewa zaka ya asilimia 2.5, hata kama umeinuia Hijja. Nisabu ya dhahabu ni gramu 85, ya fedha gramu 595. Dhahabu imepanda mno, kwa hiyo ukipima kwa dhahabu huenda hufiki, ukipima kwa fedha umeshapita. Muulize sheikh unayemwamini upime kwa ipi. Mimi ningeandika kwenye daftari laki mbili kwa mwaka wa kwanza na laki tatu kwa wa pili, ili siku ya kutoa isinishtue. Alizeti ikikubali hata mwaka mmoja, ile ziada inatosha kufunika.

Nirudi kwenye mifugo, maana hapa wengi wetu tunapoteza pesa bila kujua. Mnyama ni benki yenye siku nzuri na siku mbaya. Ukimpeleka mnadani Oktoba au Novemba, mbavu zinahesabika na kila mtu anauza kwa sababu ghala limekwisha, unapewa bei ya huruma. Idd el-Adh'ha ya 2027 itaangukia katikati ya Mei, kama tarehe 16. Mei mifugo ya huku imeshiba majani ya masika, na wiki mbili kabla ya Idd wachuuzi wanapanda mpaka vijijini kutafuta mbuzi dume wa kuchinja, asiye na kilema, aliyetimiza umri. Basi tarehe ile ile inayokunyima mavuno inakupa soko la mbuzi. Nimeweka 100,000 kwa mbuzi na 900,000 kwa dume, nawe unajua kama nimekadiria juu au chini kwa wanyama wako. Watenge kumi sasa, wape alama, usimuuze hata mmoja kabla ya wiki hizo mbili. Anayebaki na kilema au aliye mwembamba ndiye wa kula nyumbani. Mwaka 2028 Idd inarudi hadi mwanzoni mwa Mei, fanya hivyo hivyo kwa watakaokuwa wamekua.

Mashine ndiyo ngazi yako ya kila siku, nayo ndiyo inayovuja. Usijiwekee 150,000 sawasawa kila mwezi, utashindwa kufika Januari na kukata tamaa. Baada ya mavuno watu wanasaga kila siku, lakini kuanzia Januari hadi Machi ghala za watu ni tupu na wanakuja na debe la kununua. Mwezi mmoja utapata 220,000, mwingine 80,000. Weka sheria ya kikopo: jioni ukishatoa dizeli na ya fundi, kilichobaki chote kinaingia kwenye simu siku ileile, kabla hujaingia ndani kuulizwa chumvi. Matumizi madogo ya nyumba yatoke kwenye ile milioni moja ya mavuno, ndiyo kazi yake. Kwenye simu isikae zaidi ya mwezi, maana simu ni mfuko wa shati. Mwisho wa mwezi ihamishe benki kwa mkupuo mmoja, ili makato nayo yawe mara moja. Kama unakwepa riba kuna madirisha ya kiislamu, mfano Al Barakah ya CRDB, na kuna Amana Benki iliyoanza 2011 ikiwa ya kiislamu yote. Faida ya mudharaba ikija ni heri, lakini isiingie kwenye hesabu, kwa sababu haijaahidiwa kwako. Akaunti iwe ya saini mbili, yako na ya mama watoto. Atakukatalia siku ambayo wewe mwenyewe hutakuwa na nguvu ya kukataa.

Upatu ukialikwa, ingia kama unajua kwamba haukuongezei senti, unahamisha tu pesa yako ya mashine kutoka mwezi huu kwenda mwezi ule. Zamu ya mwisho inaonekana nzuri kwa kuwa inakaribia tarehe yako, lakini ndiyo zamu ya wale ambao wenzao walishapokea na kuacha kutoa. Omba ya katikati.

Hadi hapa pesa iko mikononi mwako, na ibaki huko. Taasisi nyingi zitakuambia ulipe kidogo kidogo kwao tangu sasa. Wengi wao ni waaminifu, lakini mwaka 2011, nilipokuwa naanza kujipanga, nilimpa mtu aliyejiita kiongozi wa msafara milioni moja mkononi, msikitini, mbele ya mashahidi wawili waliokuwa wanasali sunna. Msafara ule haukuondoka. Mashahidi walikumbuka kwamba niliongea naye, hawakukumbuka pesa. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni fupi. Kwanza nahakikisha kwa BAKWATA kwamba taasisi imo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kupeleka mahujaji mwaka huo. Pesa inakwenda kwenye akaunti ya benki yenye jina la taasisi, haiendi kwenye namba ya simu ya mtu, hata awe imamu. Na kabla ya shilingi ya kwanza napata karatasi inayosema nikifariki, nikiugua au viza ikikosekana, kinarudi kiasi gani na kwa siku ngapi. Pesa ya kuandikishwa uipeleke 2028, ukiwa umeshafika mbali, siyo leo.

Tarehe 31 Agosti 2027, alizeti ya mwaka huo ikiwa imeuzwa na Idd imepita, kaa na mkeo mfungue daftari. Mkikuta 16,750,000 au zaidi, basi alizeti imekubali kuliko tulivyodhani, nenda ukajiandikishe kwa 2028 kwa sababu miezi mitatu ya mashine itamalizia. Mkikuta chini ya hapo, hata kama ni kwa milioni moja tu, msikope na msimwite yule mnunuzi wa bonde. Funga daftari, 2029 ipo.

Kuna kazi moja isiyongoja Agosti wala haina gharama kubwa. Toa kitambulisho chako cha NIDA na cheti cha kuzaliwa, uviweke pamoja mezani, usome jina herufi kwa herufi. Huku kwetu mtu huandikwa Ramadhani kwenye kimoja na Ramadhan kwenye kingine, au jina la babu limeruka. Kurekebisha huchukua muda, na pasipoti haitatoka mpaka viwiane. Pasipoti yenyewe ichukue mwanzoni mwa 2028, ila jina lishughulikie mwezi huu.